Mkia Uliokuwa Mwisho wa Hadithi

Mtu mmoja wa wilaya ya Ono, jimbo la Mino, alitoka kwake kwenda kutafuta mke. Porini akakutana na mwanamke mzuri, wakazungumza, wakakubaliana, akamleta nyumbani. Haukupita muda mama akajifungua mtoto wa kiume. Mbwa wa nyumba ile naye alikuwa amezaa, na mmoja wa watoto wake kila akimwona mama mwenye nyumba alimkenulia meno na kumbwekea. Mama akamsihi mumewe amuue yule mbwa. Mume akamwonea huruma, akamwacha. Siku moja, wakati wa kutwanga mpunga, mama akaingia penye kinu kuwapelekea watwangaji chakula. Mbwa akamrukia amng'ate. Kufumba na kufumbua, juu ya ua palikuwa na mbweha.

Mume hakukimbilia rungu. Alimwambia kwamba wameshazaa pamoja na yeye hatamsahau, basi awe anakuja kulala. Akawa anakuja. Kwa Kijapani cha zamani, maneno ya "njoo ulale" yalisikika kama *kitsune*, na hapo, anasema mtawa wa Kibudha aitwaye Kyokai, ndipo mnyama huyo alipopata jina. Huo ni mchezo wa maneno kuliko isimu, lakini Kyokai aliuandika kwa uzito kabisa katika mkusanyo wake wa visa, *Nihon Ryoiki*, uliokamilika mnamo mwaka 822 kwenye hekalu la Yakushiji mjini Nara.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa kina kila kitu kitakachorudiwa kwa miaka elfu moja na mia mbili iliyofuata: mgeni mzuri asiye na ukoo, ndoa yenye amani, mtoto, mbwa, na ule mkia unaochomoza. Katika ngano za kale za Kijapani mkia ukishaonekana hadithi imekwisha. Kinachobaki ni kuagana. Katika katuni za Kijapani za leo, ambazo dunia nzima sasa inaziita anime, mkia unaonekana tangu picha ya kwanza. Namna mkia huo ulivyotoka mwisho wa hadithi ukaja mwanzo ndiyo safari ninayotaka kuifuata.

Kwanza tuelewane juu ya mnyama mwenyewe. Mbweha tunaowajua huku Afrika Mashariki ni wale wa nyika, wanaofuata mabaki ya simba. *Kitsune* si hao. Ni mdogo zaidi, ana manyoya ya rangi ya machungwa, mkia mnene kama fagio wenye ncha nyeupe, na huishi pembezoni mwa mashamba ya mpunga akila panya. Mkulima wa Kijapani alimwona kama mlinzi wa ghala, na ndiyo maana akawa mjumbe wa Inari, mungu wa mpunga, ambaye hekalu lake kuu lipo Fushimi, Kyoto. Sanamu za mbweha wa mawe hukaa mlangoni wawili wawili, na watu huwaletea tofu ya kukaangwa, chakula ambacho mbweha wa porini sidhani kama angekigusa. Na mvua ikinyesha huku jua linawaka, pale ambapo sisi tunasema simba anazaa, Wajapani husema ni harusi ya mbweha.

Mnyama huyohuyo, kwa upande wa pili, alikuwa tishio. Sura hiyo ilitoka China, ambako mbweha wa mikia tisa alishaandikwa tangu zamani za kale. Mbweha wa kutisha kuliko wote huko Japani ni Tamamo-no-Mae, bibi wa kasri ya Toba, mfalme mstaafu wa karne ya 12. Alikuwa mzuri, hakuna swali la elimu lililomshinda, na usiku mmoja taa zilipozimika mwili wake ukatoa mwanga. Mfalme akaanza kuugua. Mnajimu wa kasri akapiga ramli, akasema ugonjwa umelala kitanda kimoja naye. Bibi akatoroka hadi nyika za Nasu, kaskazini ya Tokyo ya leo, na wapiganaji wawili wakatumwa kumsaka. Hadithi inasema walijizoeza kwanza kwa kuwapiga mbwa mishale wakiwa juu ya farasi, maana mbwa na mbweha hukimbia kwa kukata kona namna moja. Walipomuua akageuka jiwe, na kila kiumbe kilichokaribia jiwe hilo kikafa.

Jiwe lipo hadi leo, na hewa inayoua ipo kweli: eneo hilo ni la volkano, na ardhi hutoa gesi yenye salfa. Mshairi Basho alilipitia mwaka 1689. Mtawa Genno, anayesemekana kulipasua ili kuituliza roho iliyomo, aliacha jina lake kwenye sanduku la vifaa la kila seremala wa Kijapani, kwani nyundo kubwa huitwa *genno*. Machi 2022 jiwe lilikutwa limegawanyika vipande viwili. Maelezo ya kawaida ni kwamba maji yaliingia kwenye ufa wa zamani yakaganda, ila mitandaoni Wajapani waliulizana, nusu kwa mzaha, nani ametoka humo.

Jambo moja kuhusu Tamamo hupita bila kutajwa. Katika matoleo ya mwanzo ya kisa chake alikuwa na mikia miwili tu. Ile tisa iliongezwa baadaye, alipounganishwa na mbweha wa Kichina aliyesemekana kuangusha wafalme huko kabla ya kuvuka bahari. Kwa hiyo anayedhani kwamba wachora katuni wa leo ndio walioanza kuchezea mapokeo, ajue mapokeo yenyewe yalikuwa yakichezewa tangu hapo.

Hatua iliyofuata ilipigwa na jukwaa. Mwaka 1734, kwenye ukumbi wa Takemotoza mjini Osaka, ulionyeshwa mchezo wa vikaragosi wa Takeda Izumo kuhusu mbweha jike na mtu aitwaye Abe no Yasuna. Yasuna aliwahi kumwokoa mbweha mweupe mikononi mwa wawindaji. Mbweha akamrudia akiwa amevaa sura ya mchumba wake, Kuzunoha, wakaishi kama mke na mume, wakazaa mtoto. Kisha siku moja Kuzunoha wa kweli akabisha hodi.

Hapa hakuna mbwa. Kinachomfichua ni mwenye sura yake. Naye, akisikia sauti mlangoni, anajua muda umekwisha. Mtoto yuko mikononi, mikono haina nafasi, hivyo anashika brashi kwa meno na kuandika shairi la kuaga juu ya mlango wa karatasi, akimweleza mumewe kwamba akimtamani amtafute msitu wa Shinoda. Waigizaji wa kabuki waliouchukua mchezo huu hadi leo huandika mbele ya watazamaji, mara kwa mkono wa kushoto, mara kwa mdomo, herufi nyingine zikiwa zimegeuzwa nyuma mbele. Mwili unaanza kusahau ubinadamu, na hati ndiyo inayotangulia kuharibika. Mtoto yule, kwa mujibu wa mchezo, ndiye Abe no Seimei, mnajimu mkuu wa karne ya 10, mtu aliyeishi kweli. Damu ya mbweha ikawa maelezo ya kipaji chake.

Jukwaa lilibadili jambo moja kubwa bila kelele. Katika kisa cha Kyokai msomaji na mume wanagundua pamoja. Ukumbini Osaka mtazamaji anajua mapema. Uchungu wake unatokana na kumwona mke akiagana na mtu ambaye bado hajui. Wachoraji wakaikamata nafasi hiyo. Mnamo mwaka 1890 Tsukioka Yoshitoshi alimchora Kuzunoha akitoka nyumbani, mtoto akivuta vazi lake: mwili ni wa mwanamke, lakini kivuli kwenye karatasi ya mlango kina pua ya mbweha. Sisi tunaona, wa ndani ya picha haoni. Kwangu mimi hapo ndipo anime ilipopandwa mbegu, kabla hata sinema haijafika Japani.

Mtu wa kawaida aliyetembea usiku hakuwa na msaada wa mchoraji. Alikuwa na dalili zake: kivuli, sura majini, mbwa anayebweka bila sababu, ncha ya mkia chini ya vazi. Alikuwa pia na kinga, ambayo ni kujipaka mate kwenye nyusi. Waliamini mbweha na tanuki huhesabu nywele za nyusi zako ili wakupate; zikishikana kwa mate hawawezi kuzihesabu. Mpaka leo jambo lenye shaka huitwa kwa Kijapani jambo la mate ya nyusi, na hata mwanasheria wa Tokyo hulitamka neno hilo bila kumfikiria mbweha.

Nimemtaja tanuki, na lazima nimlete sasa, maana bila yeye hadithi inakuwa ya huzuni kupita kiasi. Ni mnyama wa jamii ya mbwa, mnene, mwenye mabaka meusi machoni kama aliyekosa usingizi. Methali humpa mbweha sura saba na tanuki nane, ila mbweha hujigeuza kwa lengo, ilhali tanuki hujigeuza kwa raha yake. Anaweka jani kichwani, anakuwa mtawa, birika, au mwezi wa pili angani. Reli ilipofunguliwa kati ya Tokyo na Yokohama mwaka 1872, na nyingine kufuata, tanuki alikuwa treni. Madereva walisimulia kwamba usiku waliona taa na kusikia honi ya treni ikiwajia kwenye njia ileile. Walifunga breki, na hapakuwa na kitu. Usiku mmoja dereva mmoja akachoka kudanganywa, akakaza mwendo. Asubuhi kando ya reli alikutwa tanuki amekufa.

Kisa hicho kilisimuliwa sehemu nyingi sana, na kila sehemu ilidai ni chake. Ni kisa cha kuchekesha, ila kina kaburi ndani yake. Miaka hiyohiyo mwanafalsafa Inoue Enryo, aliyepewa na watu jina la Daktari wa Mazimwi, alizunguka nchi nzima akieleza kwamba mizuka ni makosa ya macho, hofu na elimu duni. Alichokifanya Inoue kwa hotuba, treni ilikifanya kwa magurudumu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, aliyewarudisha viumbe hao mikononi mwa watoto ni Mizuki Shigeru, askari aliyepoteza mkono wa kushoto huko Rabaul, kisha akachora *GeGeGe no Kitaro*, iliyoingia kwenye televisheni mwaka 1968. Lakini Mizuki aliwachora zaidi kama wakazi wa ulimwengu wao wenyewe. Swali la zamani, la kiumbe anayekaa nyumbani kwetu akiwa na sura yetu, lilisubiri miaka ya 1990.

Mmoja wa waliolijibu ni Takahata Isao. Filamu yake ya mwaka 1994 kutoka Studio Ghibli, ijulikanayo nje kama *Pom Poko*, ni kisa cha treni ya tanuki kilichosimuliwa na tanuki mwenyewe. Mahali ni vilima vya Tama, magharibi ya Tokyo, ambako kuanzia miaka ya 1960 matingatinga yalisawazisha misitu ili kujenga mji mpya. Tanuki wa hapo wanaanza mafunzo ya kujigeuza yaliyokuwa yamesahauliwa, na wanawaita wazee kutoka kisiwa cha Shikoku, ambao si majina ya kubuni: Inugami Gyobu wa Matsuyama na Kincho wa Awa ni tanuki wa ngano wenye mahekalu yao kweli. Wazee wanaandaa maandamano ya usiku ya mizuka yote ya Japani katikati ya mitaa ya ghorofa. Mifupa inatembea, mbweha wanapita na taa za harusi, na watoto madirishani wanafurahi. Hakuna anayekimbia. Kesho yake mwenye bustani ya starehe anatangaza kwamba yalikuwa matangazo yake ya biashara.

Nimeiona filamu hiyo mara nyingi, na bado naona hapo ndipo penye kisu. Inoue alikuwa amewaambia watu wasiogope. Watu wameelewa, na sasa mzuka hauna nguvu hata ukijionyesha wazi. Kinachobaki ni kufuata ushauri wa mbweha mmoja anayetokea akiwa amevaa suti: wenzake walishahamia mjini zamani, wanaishi kama binadamu. Tanuki wanamwuliza, na wale wasioweza kujigeuza? Wa kwao, anajibu, walikufa. Mwishoni tanuki wenye uwezo wanapanda treni za asubuhi na kurudi usiku, wakinywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili sura isiwatoke. Mabaka yakianza kujitokeza chini ya macho, watu hudhani ni uchovu wa kazi.

Miaka hiyohiyo Togashi Yoshihiro alikuwa akiichora *Yu Yu Hakusho*, iliyochapishwa kuanzia mwaka 1990 hadi 1994. Humo yumo kijana mpole aitwaye Kurama. Zamani alikuwa mbweha mwizi wa ulimwengu wa mapepo. Aliwindwa, akajeruhiwa, roho yake ikajificha tumboni mwa mwanamke mjamzito, naye akazaliwa kama mwanawe. Alipanga kuondoka akishapata nguvu. Mama akaugua, na mbweha akaiba kioo cha uchawi kinachotimiza ombi kwa bei ya uhai, tayari kulipa. Hiki ni kisa cha Kuzunoha kilichopinduliwa kama soksi: mbweha ni mtoto, binadamu ni mama, na badala ya mama kumwacha mtoto kwa kuwa amejulikana, mtoto anabaki kwa mama ambaye hajui.

Kisha mwaka 1999 Kishimoto Masashi akaanza *Naruto*, na mbweha wa mikia tisa akavuka mipaka yote. Wengi wetu tunaijua kwa mapigano yake, lakini tazama sura ya kwanza. Miaka kumi na miwili nyuma mbweha alikishambulia kijiji. Kiongozi wa kijiji akajitoa uhai na kumfungia mnyama ndani ya mtoto mchanga. Watu wazima wote wanajua na wamekatazwa kusema. Wanamwepuka mtoto, na mtoto hajui kwa nini. Katika ngano ya kale mbweha peke yake ndiye ajuaye yeye ni nani. Hapa kijiji kizima kinajua, isipokuwa yeye. Anayemfichulia ni mwalimu mwenye chuki, anayemwambia: mbweha ni wewe. Na mwalimu mwingine, Iruka, ambaye wazazi wake waliuawa na mnyama huyo, anamjibu kwamba huyu si mbweha, ni Naruto wa kijiji chetu. Ndio ule ua wa Mino, na maneno ya mume yamehamia kinywani mwa mwalimu.

Kishimoto anajua anachokigusa. Ujanja wa kwanza wa Naruto ni kujigeuza mwanamke mrembo ili kuwapumbaza wanaume, kazi ya mbweha tangu enzi za Tamamo, ingawa mtoto anaifanya kwa utundu tu. Baadaye, akikasirika, mikia humtoka mmoja mmoja, na idadi yake ndiyo kipimo cha akili iliyobaki. Kwenye wa nne hamtambui tena rafiki. Kwa upande wa tanuki ameficha mzaha mzuri zaidi. Mnyama wa mkia mmoja aliyefungiwa ndani ya kijana mwingine, Gaara, anaitwa Shukaku, jina la mtawa wa hekalu la Morinji huko Tatebayashi, ambaye katika ngano alikuwa tanuki mwenye birika lisilokauka. Kwa Kijapani kujifanya umelala huitwa usingizi wa tanuki. Gaara halali, maana akilala tu Shukaku anatoka, na mbinu anayotumia kujilaza kusudi ili amwachie inaitwa jina hilohilo. Asiyejua Kijapani huona jina la mbinu likipita tu kwenye maandishi ya chini.

Hayo yote hayana maana kwamba kila msichana wa katuni mwenye masikio ya mbweha amebeba Kyokai mgongoni. Wengi wamebeba masikio tu. Mhusika wa katuni lazima atambulike kwa mbali, hata akiwa kivuli cheusi, na masikio mawili na mkia hufanya kazi hiyo kwa bei rahisi. Hata kujigeuza kwenyewe kwa kawaida hufunikwa na wingu la moshi, na mchoraji anaepuka picha nyingi za katikati.

Ila hata kwenye kazi hizo nyepesi ule uzi wa zamani huchungulia. Mwaka 2019 ilionyeshwa anime kuhusu Senko, mbweha mwenye umri wa miaka 800 anayehamia kwa mfanyakazi wa ofisini aliyechoka mno, ampikie na kumfulia. Ni kisa kitamu kupita kiasi kwa ladha yangu. Ni mke mbweha asiye na mbwa wala Kuzunoha wa kweli mlangoni; masikio yako wazi, mkia unafagia sakafu, na mwenye nyumba ombi lake kubwa ni aruhusiwe kuushika. Kisha siku moja jirani anamwona. Ni dada anayechora manga. Anautazama mkia, anayatazama masikio, na anaamini kabisa kwamba ameonana na shabiki wa katuni aliyejishonea vazi zuri.